Jiwe, Unywele au Kipande cha Kioo Kwenye Chakula: Kukitambua kwa Picha na Hatua Zinazofuata

Mtu anapokuta kitu kigeni kwenye sahani, mara nyingi hupiga picha moja ya haraka, huituma kwa muuzaji au kwa ndugu, kisha hukitupa kile kitu pamoja na mabaki. Baada ya hapo maswali huanza, na majibu huwa yamekwenda jalalani. Picha nzuri hueleza mambo matatu: umbo la kitu, ukubwa wake na mahali kilipokuwa ndani ya chakula. Haielezi kwa hakika kitu hicho ni cha nini. Nimeangalia picha nyingi za namna hii, na ninachosisitiza kila mara ni kwamba picha hutangulia, kitu chenyewe huhifadhiwa, na kipimo huja mwisho tena kwa masharti.

Mwongozo huu unafuata kile ambacho mtu huona kwanza. Nimekaa zaidi kwenye vitu vinavyong'aa, kwa sababu hapo ndipo watu hukosea zaidi na hapo ndipo kosa linaweza kuumiza.

Kabla ya lolote: kuna aliyekwisha kumeza?

Kama mtu amepaliwa na hawezi kukohoa, kusema wala kupumua, achana na simu ya picha na umsaidie. Kwa mtu mzima au mtoto aliyepita umri wa mwaka mmoja, mwinamishe mbele, mpige mgongoni kati ya mabega mara tano kwa kiganja, na kama kitu hakijatoka, msukume tumbo kwa ndani na kwenda juu mara tano, ukibadilishana hivyo huku mwingine akiita msaada wa dharura. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumbo kamwe. Baada ya mapigo ya mgongoni husukumwa katikati ya kifua.

Kama amemeza kitu chenye makali na anapumua vizuri, usimtapishe, kwa sababu kitu kilichopita kooni bila kukata kinaweza kukata kikirudi. Wala usimpe chakula kikavu ili “kisukume” kitu chini. Vitu vingi vinavyomezwa hupita vyenyewe hadi kwenye choo, lakini kitu chenye ncha kilichokwama kwenye umio ni dharura. Mpeleke hospitali mara moja akiwa na maumivu ya koo au kifua, akishindwa kumeza hata mate, akitapika damu, akipata maumivu makali ya tumbo au homa, au choo chake kikiwa cheusi kama lami. Hata asipokuwa na dalili, anayejua kwamba amemeza kipande kikubwa au chenye ncha amwone daktari siku hiyo hiyo. Kipande kingine cha aina ile ile, kama kipo, kiende naye. Kioo kwa kawaida huonekana kwenye eksirei, lakini plastiki mara nyingi haionekani, na daktari anahitaji kujua anatafuta nini.

Dalili ya kwanza: “Kitu nakiona kwa macho, lakini kwenye picha hakionekani”

Sababu ya kwanza na ya kawaida kabisa ni ukaribu. Mtu huisogeza simu hadi ikaribie kugusa chakula, na kamera hushindwa kulenga. Rudi nyuma hadi sentimita 15 hivi, kuza picha mara mbili, gusa kile kitu kwenye skrini ili kamera ikilenge, kisha tulia. Ukiegemeza mkono kwenye meza au juu ya kikombe, picha hutulia zaidi.

Sababu ya pili ni flashi. Mwanga unaotoka pale pale ilipo kamera hurudi kama doa jeupe na kufuta kingo zote za kitu. Zima flashi, kaa karibu na dirisha au washa taa iliyo pembeni, ili mwanga uje kutoka upande na kila ukingo uweke kivuli chake kidogo.

Sababu ya tatu ni mandhari ya nyuma. Kipande kinachopitisha mwanga hupotea juu ya sahani nyeupe, na unywele mweusi hupotea juu ya mchuzi mzito. Kitu kinachong'aa kiwekwe juu ya kitu cheusi kisichometameta, na unywele mweusi uwekwe juu ya karatasi nyeupe.

Hata hivyo, picha ya kwanza ipigwe kabla hujakigusa kitu, kikiwa bado ndani ya chakula. Ndiyo inayoonyesha kama kilikuwa juu tu ya chakula, ambapo huenda kimeangukia mezani, au kimezama katikati na kufunikwa na chakula kilichoivia pande zote, jambo linaloashiria kwamba kiliingia kabla ya kupikwa. Ukishakinyanyua, ushahidi huo haurudi tena. Picha ya pili iwe ya kitu kilichotolewa, kikiwa kando ya rula, vyote viwili vikiwa vimelala kwenye usawa mmoja. Ukiweka sarafu badala ya rula, ionekane wazi ni sarafu ipi. Picha ya tatu iwe ya kifungashio, upande wenye namba ya bechi na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Usizipitishe picha hizi kwenye programu za kurembesha, na usizitegemee zile zilizopita kwenye programu za ujumbe, kwa sababu nyingi hupunguza ukubwa wa picha na kufuta taarifa za saa na tarehe iliyopigwa. Hifadhi faili la asili kwenye simu, na unapolituma, litume kama faili badala ya picha ya kawaida.

Na jambo moja ambalo lazima lisemwe hapa: picha ya chakula kisichoonekana kuwa na kitu haithibitishi kwamba chakula hicho ni salama. Kamera huona uso tu. Kama kioo kimevunjika karibu na chakula kilicho wazi, chakula hicho kinatupwa, hata kama umekipiga picha ishirini na zote ni safi.

Dalili ya pili: kuna kitu kinachong'aa na kupitisha mwanga

Anza kwa kuuliza kama ni kitu kweli au ni mng'ao tu. Mafuta, ute wa nyama na matone ya maji hung'aa vizuri sana kwenye picha. Piga picha mbili bila kusogeza chakula, moja mwanga ukitoka kushoto na nyingine ukitoka kulia. Mng'ao wa kitu chenye majimaji huteleza juu ya uso wa chakula, hubadilisha mahali lakini haupotei. Bapa la kioo au la fuwele huwaka ghafla kwenye picha moja na kuzimika kabisa kwenye nyingine.

Ikiwa ni kitu kweli, zifikirie sababu kwa mpangilio huu.

Kinachopatikana mara nyingi ni fuwele za chakula chenyewe: chumvi au sukari iliyoganda, au fuwele zinazojiunda ndani ya chakula kilichokaa muda mrefu. Kwenye samaki, kaa na kamba wa kopo hutokea fuwele inayoitwa struviti, ambayo ni madini ya magnesiamu, amonia na fosfati. Viambato hivyo vipo kwenye samaki kwa asili, na baada ya kopo kufungwa na kupikwa huungana polepole na kuganda. Kwa macho inafanana sana na kioo. Kwenye juisi ya zabibu na divai hutokea fuwele za tatarati, na kwenye jibini lililokomaa hutokea chembe nyeupe zinazokwaruza ulimi.

Kinachofuata ni plastiki ngumu, kwa kawaida kutoka kwenye kifuniko, chombo cha kuhifadhia au kijiko cha kupimia kilichopasuka. Kioo halisi ni nadra zaidi kuliko hivyo viwili, lakini kila kipande kihesabiwe kuwa kioo hadi kithibitishwe vinginevyo.

Sasa itazame picha uliyoikuza. Fuwele ina mabapa yaliyonyooka na pembe zinazojirudia, na ukiwa na fuwele tatu utaona zinafanana kama ndugu. Kioo kilichovunjika hakijirudii. Pale kilipovunjikia huonekana mawimbi madogo yaliyopinda, kama mistari ya ndani ya gamba la kome, na ukingo wake hukonda hadi kuwa wembe. Kipande cha chupa mara nyingi kina upande mmoja uliopinda kwa ulaini, ambao ndio uso wa chupa wenyewe, na kipande cha balbu ni chembamba mno. Kioo kigumu cha mabakuli fulani na milango ya oveni huvunjika kuwa vijipande vifupi, vinene, vyenye pembe butu, na hivi ndivyo watu hudhani ni chumvi ya mawe. Plastiki, kwa upande wake, huwa na ukingo mweupe pale ilipokunjwa kabla ya kukatika, na mara nyingine huwa na nyuzinyuzi zilizovutika.

Baada ya picha, vipimo. Hapa kuna sharti. Kipimo cha siki huyeyusha kitu, na kitu kilichoyeyuka hakiwezi kupelekwa maabara. Kwa hiyo, kama mtu ameumia, au kuna kipande kimoja tu na unakusudia kulalamika rasmi, usipime chochote nyumbani. Kihifadhi kama kilivyo. Kama vipande ni viwili au zaidi, pima kile kidogo zaidi na ubakize kikubwa.

Kishike kwa kibanio, si kwa vidole, na kamwe usikijaribu kwa meno. Kioshe, kisha kiweke kwenye kijiko cha maji ya moto. Chumvi na sukari huyeyuka, na tatarati pia hupotea kwenye maji ya moto. Kisipoyeyuka, kihamishie kwenye siki au maji ya limau yanayokifunika, na pasha moto taratibu kwa dakika chache bila kuchemsha. Struviti huyeyuka, kioo hakibadiliki hata kidogo. Kisipoyeyuka bado, kiguse kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto. Plastiki nyingi ngumu hulainika na kuacha kishimo, ilhali kwenye kioo sindano huteleza tu.

Kuna mama mmoja aliyeniletea picha akiwa na hofu kubwa, kwa sababu mwanawe wa miaka minne alikuwa amekula matonge mawili ya samaki wa kopo kabla yeye hajahisi kitu kigumu kwenye tonge lake. Picha ilipigwa kwa flashi juu ya sahani nyeupe, na kilichoonekana ni doa la mwanga tu. Nilimuuliza mtoto anaendeleaje kabla ya kuuliza lolote kuhusu kopo. Alikuwa akicheza na kunywa maji bila shida. Tukatafuta zaidi ndani ya kopo na kupata vipande vitatu: kimoja cha milimita 5 na viwili vya milimita 2 hivi.

Tuliviweka juu ya kifuniko cheusi karibu na dirisha, rula ikiwa pembeni. Picha mpya ilibadilisha mazungumzo. Vipande vyote vitatu vilikuwa na mabapa yaliyonyooka, vyote vilikuwa na ncha iliyokatwa kwa mshazari ule ule, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mawimbi ya mvunjiko. Hiyo ilikuwa dalili nzuri ya fuwele, lakini haikutosha kumwambia mama alale. Tukachukua kimoja cha milimita 2, tukakiweka kwenye siki ndani ya kibakuli kilichokalia maji ya moto. Baada ya dakika tano pembe zake zilikuwa zimeviringika, na baada ya dakika kumi hakikuwepo. Vile viwili vingine tulivihifadhi.

Kipande kimoja kilichoyeyuka kinathibitisha habari za kipande hicho tu. Kilichotupa ujasiri wa kusema kwamba hata vingine ni struviti ni kwamba kwenye picha vilikuwa na umbo moja na kile kilichopimwa. Kama kimoja kingekuwa na ukingo uliopinda tofauti na wenzake, kingehesabiwa kuwa kioo. Mama aliambiwa kwamba fuwele hizo hazina sumu na kwamba tindikali ya tumbo huziyeyusha, lakini amwangalie mtoto kwa zile dalili nilizozitaja mwanzoni, na awaarifu watengenezaji kwa kutumia namba ya bechi.

Acha kupima na utafute wataalamu ikiwa kipande hakiyeyuki na hakilainiki, ikiwa umepata vipande zaidi katika kifungashio kingine ambacho hakijafunguliwa, au ikiwa mtoto mchanga, mzee au mtu aliyefanyiwa upasuaji wa karibuni amekula chakula hicho. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, katika mwongozo wake, huhesabu kitu kigumu au chenye makali chenye urefu wa milimita 7 hadi 25 kwenye chakula kilicho tayari kuliwa kuwa kinaweza kuumiza, na kilicho chini ya milimita 7 huangaliwa kwa uzito kwa makundi hayo dhaifu. Ndiyo maana rula kwenye picha si pambo.

Dalili ya tatu: chembe ngumu isiyopitisha mwanga

Kwenye nafaka na kunde, jibu la kawaida ni jiwe kweli, lililotoka shambani au kwenye uwanja wa kuanikia. Kwenye picha jiwe huwa na rangi isiyolingana sawasawa, yenye vidoa, na halina ngozi wala kitovu kama punje. Lakini punje iliyokauka kupita kiasi isiyoiva hufanana nalo sana, kwa hiyo ikate kwa kisu: punje ina rangi moja nyeupe au ya maziwa ndani, na jiwe halikatiki.

Baada ya hapo fikiria mfupa, gamba la yai au kipande cha kombe. Kwenye picha mfupa una vitundu vidogo upande uliovunjika, na gamba la yai ni bapa jembamba lenye upande mmoja laini zaidi. Tone la siki huwafichua gamba na kombe, kwa sababu hutoa mapovu madogo. Tahadhari tu kwamba mawe ya chokaa nayo hutoa mapovu, kwa hiyo mapovu peke yake hayatoshi.

Sababu ambayo watu hawaifikirii, na ambayo inastahili kuchunguzwa mapema kuliko wanavyofanya, ni jino lao wenyewe. Kipande cha jino au cha kizibio cha jino huonekana kama kijiwe, kina upande mmoja uliong'ara na mwingine uliokwaruzika. Pitisha ulimi taratibu kwenye meno yote. Ukihisi ukingo mkali au shimo jipya, mwone daktari wa meno kabla ya kumlaumu mpishi, na umpelekee kile kipande.

Kwa chakula kibichi kilichobaki, suluhisho linajulikana: tandaza nafaka kidogo kidogo kwenye sinia lenye rangi tofauti nayo na uichague, kisha ioshe kwa kuizungusha kwenye maji mengi na kuimimina taratibu, ukiacha kilichotulia chini. Mawe ni mazito kuliko punje na hubaki mwisho. Njia hii isitumike kamwe kwa kioo, kwa sababu vumbi la kioo hubaki kwenye chakula bila kuonekana.

Dalili ya nne: uzi mwembamba

Hapa hatari ni ndogo, chukizo ni kubwa. Nyuzi za mmea, kama zile za mahindi, hutangulia kwa wingi, kisha nywele za watu, kisha nyuzi za brashi au gunia, na mwisho manyoya ya wanyama. Unywele wa mtu una unene wa sehemu ndogo tu ya milimita, karibu 0.05 hadi 0.1, hivyo picha ya simu haiwezi kusema ni wa nani. Inachoweza kuonyesha ni ncha. Unywele ulioanguka wenyewe huwa na kivimbe kidogo cheupe kwenye mzizi. Uzi wa brashi una unene ule ule mwanzo hadi mwisho na ncha zilizokatwa.

Ukitaka kujua zaidi, choma ncha yake nje ya jikoni: unywele hunuka kama pembe iliyoungua na kuacha majivu yanayosagika, uzi wa mmea hunuka karatasi, na uzi wa plastiki huyeyuka na kuwa kitone kigumu. Uzi mgumu wa chuma kutoka kwenye brashi ya kusugulia ni habari nyingine kabisa. Huo unachoma koo na utumbo, na aliyeumeza anahitaji daktari kwa haraka kama aliyemeza kioo.

Kukihifadhi na kukiripoti

Kiweke kitu kwenye kichupa au kikopo kisafi chenye kifuniko, bila kukifunga kwa utepe wenye gundi, kwa sababu gundi huharibu uso unaochunguzwa. Mabaki ya chakula yafungwe peke yake na kugandishwa kwenye friza. Kifungashio kisioshwe, na risiti ibaki nacho. Andika saa uliyokula, nani mwingine alikula, na kama chombo chochote cha kioo au plastiki kilivunjika jikoni kwako siku hizo. Hilo la mwisho liandike kwa ukweli hata kama halikupendezi, kwa maana ndilo swali la kwanza utakaloulizwa, na chombo cha nyumbani kilichobanduka ukingo kinaweza kulinganishwa na kipande.

Mjulishe muuzaji au mtengenezaji na, pale panapohusika kitu chenye makali, mamlaka ya usalama wa chakula ya mahali ulipo, ili bechi nzima ikaguliwe kabla mtu mwingine hajafungua kopo lililo sawa na lako. Watumie picha zote tatu na namba ya bechi. Wakiomba kipande chenyewe, kipeleke kwanza kwa mamlaka kama kuna mtu aliyeumia. Ukilazimika kukikabidhi kwa muuzaji, pata maandishi yenye sahihi na tarehe yanayosema amepokea nini, cha ukubwa gani, na ukipige picha ya mwisho mezani kwake, rula ikiwa pembeni.